Mashine ya Kadi Inayokatika Ovyo

Katika duka moja la Gitega mashine ya kulipia kwa kadi ilikuwa ikikatika ovyo, na lawama zikamwangukia mwenzetu wa kaunta. Tulibadilisha waya, wapi! Tukaizima mashine, kisha kwenye kompyuta tukaiita anwani yake:

```
ping 192.168.1.50
```

Kingejibu kifaa kingine, tungejua anwani inagombaniwa. Kimya. Tukatazama swichi: tundu lake lilikuwa limefungwa kwenye `100 Full`, mashine ikiwa `Auto`. Hapo mashine hungoja zamu, swichi haingoji. Ujumbe hugongana, hasa duka likijaa. Tukaweka `Auto` pande zote mbili, ikatulia. Muyinga swichi ilikuwa ndogo, isiyopangwa. Huko mashine yenyewe ndiyo tuliyoirudisha kwenye `Auto`.