USALAMA KAZINI: Hesabu mbao kuanzia chini

Ndugu wafanyakazi, tuseme fishi ya depo huku Kama inaandika: mafuta ya breki, B-03-2. B ni njia, 03 ni rafu ya tatu ndani ya njia ile, na 2 ni ubao wa pili. Lakini wa pili kutoka wapi?

Rafu ina mbao nne. Mwandishi alihesabu kutoka chini. Mchukuaji akihesabu kutoka juu, atafika ubao wa tatu na kutoa mafuta ya injini. Hayo yakitiwa katika breki, mipira yake inavimba, na gari inaweza kukosa breki kwenye mteremko.

Kwa hiyo ubao wa chini ndio 1, siku zote. Sakafu haihami: mkiongeza ubao juu, utaitwa 5, na namba za zamani hazibadiliki. Andikeni kwa rangi anwani nzima, B-03-2, kwenye kila ubao.

Kila juma chukueni fishi kumi mzifuate mpaka kwenye vitu. Kisha vitu kumi mpaka kwenye fishi zao. Kosa lisahihishwe siku ileile. Na kabla ya kutoa kopo, soma jina lake.