Kabla ya Kusaini Makabidhiano

Mwalimu mkuu mpya anafika shuleni Mtae, wilayani Lushoto, na kukuta hati ya makabidhiano imeshachapwa, inangoja saini. Aanzie wapi?

Aanze kwa kufunga leja. Kila ukurasa upigwe mstari chini ya ingizo la mwisho, tarehe iandikwe, na wote wawili, anayeondoka na anayeingia, waweke saini kwenye mstari huo. Bila mstari, vitu vinaweza kutolewa au kuongezwa kwenye karatasi wakati hesabu inaendelea, na hakuna atakayejua namba ipi ililinganishwa na ipi. Kisha wahesabu kwa njia mbili. Kwanza watoke kwenye leja kwenda kwenye kitu, ili waone kilichopungua. Baadaye watoke kwenye kitu kwenda kwenye leja, ili waone kilichopo bila kuandikwa. Wengi hufanya ile ya kwanza tu.

Vitabu viko mikononi mwa wanafunzi. Vinahesabiwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Leja inasema shule ina vitabu 260 vya Hisabati. Stoo vimo 74, na daftari la kuazimisha linaonyesha 170 vimetolewa, kwa hiyo vinavyojulikana viliko ni 244 na pungufu ni 16. Wengi huishia hapo, ilhali daftari ni karatasi, nalo lina haja ya kuthibitishwa. Wanafunzi wakiambiwa walete vitabu vyao, vinaonekana 163. Upungufu halisi sasa ni 23, nao ni wa aina mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa: 7 vina jina la mtu wa kuulizwa, na 16 havina hata jina. Hati ikiandika 23 kwa mkupuo, inafuta njia pekee ya kuvirudisha vile saba.

Na mahindi ya chakula cha mchana?

Yapimwe kwenye mizani, na uzito wa magunia matupu utolewe. Kuhesabu magunia hakutoshi, maana gunia lililopunguzwa debe moja bado ni gunia. Tuseme leja ina kilo 1,200 na mizani inasoma 1,120. Pengo ni kilo 80, lakini si lazima zote ziwe zimechukuliwa na mtu. Mahindi yaliyopokelewa yakiwa na unyevu wa asilimia 18, yakakauka hadi 14, hupoteza takriban kilo 56 katika kila 1,200. Zinabaki 24 zisizo na maelezo. Ila hoja hii inasimama tu kama unyevu ulipimwa siku ya kupokea na siku ya kukabidhi. Mtae iko ukingoni mwa milima, juu ya tambarare za Mkomazi, na ukungu wake hauruhusu mtu kudhani kwamba nafaka imekauka tu kwa kuwa imekaa. Kama vipimo havipo, hati iandike kilo 80 zote, na maelezo ya kukauka yawekwe kama kauli ya anayekabidhi, bila kupunguza namba.

Kuandika tofauti zote hivi si kumtuhumu mwenzako?

Ingekuwa hivyo kama hati ingetaja sababu kabla ya kuijua. Safu ya tofauti ibebe kiasi tu: leja, hesabu, pungufu au ziada. Safu inayofuata iwe ya maelezo ya anayeondoka, kwa maneno yake mwenyewe. Nadhani mfumo huu unamlinda yeye zaidi, kwa sababu akishahamia kata nyingine, kila kitakachopotea baadaye kinaweza kutupiwa jina lake. Hata vitu vichache vinastahili mstari wake. Anayesaini anakiri kupokea namba iliyoandikwa, na mkaguzi ataanza kuhesabu kutoka hapo.

Ziada nayo ina ubaya gani?

Hapa ndipo makosa hufichika. Madawati sita yasiyo kwenye leja yanaweza kuwa ya wazazi waliochanga, yaliazimwa kijijini au kanisani, au yalipokelewa bila hati ya mapokezi. Mwalimu mpya akiyaingiza kimyakimya, au akiyatumia kuziba pengo la viti, tofauti mbili zinamezana na leja inaonekana safi. Yaandikwe kama ziada, mwenyewe atafutwe, na leja isisahihishwe mpaka hati ipatikane au Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto itoe maelekezo. Namba ya zamani isifutwe wala kupakwa rangi nyeupe. Marekebisho yaje kama ingizo jipya linalotaja hati ya makabidhiano.

Vitabu vya stakabadhi je?

Vihesabiwe kwa namba za mfululizo, hasa ambavyo havijatumika. Kitabu kitupu kilichopotea ni hatari kuliko kilichojaa, kwa sababu kinaweza kupokelea fedha ambazo shule haitaziona. Namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu iandikwe kwenye hati, pamoja na ya stakabadhi ya mwisho iliyotolewa kabla ya mstari kupigwa.