Kupanga Bei ya Saa kwa Mfasiri wa Kujitegemea

Mfasiri anayeacha ajira na kuanza kujitegemea mara nyingi huwa na hesabu moja: anachukua mshahara aliokuwa akipokea, anaugawanya kwa saa alizokuwa akifanya kazi, na jibu analifanya bei. Kwa mtu aliyekuwa akipata shilingi 1,300,000 mkononi kwa wiki za saa 40, yaani karibu saa 173 kwa mwezi, jibu ni kama shilingi 7,500 kwa saa. Bei hiyo haitamrudishia mshahara wake. Ili abaki na 1,300,000 ile ile kila mwezi, anahitaji kutoza zaidi ya mara tatu ya hapo, na mwongozo huu unaonyesha hatua kwa hatua tarakimu hiyo inakotoka. Mfano wetu ni wa mfasiri wa Dar es Salaam anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kodi ni za Tanzania Bara. Aliyeko Nairobi au Kampala atafuata njia hii hii kwa kuweka viwango vya nchi yake.

Hesabu inaanzia mwishoni na kurudi nyuma. Andika kwanza kiasi unachotaka kibaki mkononi: 1,300,000. Ongeza yale ambayo mwajiri alikuwa akiyashughulikia bila wewe kuyaona. Katika ajira, michango ya NSSF hufikia asilimia 20 ya mshahara, nusu ikikatwa kwako na nusu ikitoka kwa mwajiri, na huenda ulikuwa na bima ya afya juu yake. Sasa yote ni yako. Tuseme mfasiri wetu anatenga shilingi 300,000 kwa mwezi kwa ajili ya uzeeni na matibabu. Baada ya kodi, basi, anahitaji 1,600,000.

Kodi ndipo wengi wanapoteleza. Kwa viwango vya ngazi vya kodi ya mapato ya mtu binafsi, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, kisha kiwango kinapanda hadi asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi 1,000,000. Kodi ya milioni ya kwanza nzima ni 128,000. Ukichukua 1,600,000 na kuongeza asilimia 30 juu yake utakosea, kwa sababu kodi inakatwa kwenye kiasi kikubwa kilicho kabla ya makato, tena si yote inayokatwa kwa asilimia 30. Njia sahihi ni kujiuliza ni faida gani ambayo, ikishakatwa, inaacha 1,600,000. Jibu ni 2,040,000: milioni ya kwanza inatoa 128,000, ile 1,040,000 iliyobaki inatoa 312,000, jumla kodi ni 440,000. Kama TRA imekuweka kwenye utaratibu mwingine wa kodi, badilisha tarakimu hii tu. Hatua nyingine zinabaki zilivyo.

Mwisho ni gharama za kazi yenyewe. Bando la intaneti 100,000, umeme 50,000, makato ya benki na miamala, nauli na programu za kufasiria 60,000. Kompyuta ya shilingi 1,800,000 itakayodumu miaka mitatu inagharimu 50,000 kila mwezi, hata katika mwezi ambao hukununua chochote. Jumla ni 260,000. Mapato yanayotakiwa kuingia yanafika 2,300,000 kwa mwezi, yaani 27,600,000 kwa mwaka. Fanya kazi na tarakimu ya mwaka, maana miezi ya mfasiri hailingani.

Sasa saa, na hapa nashauri uwe mkali kwako mwenyewe. Mwaka una wiki 52. Ondoa nne za likizo, kwani sheria ya ajira inampa mwajiriwa siku 28 zenye malipo na hakuna sababu ya wewe kujinyima. Ondoa tatu za sikukuu na moja ya kuugua. Zinabaki 44. Ukikaa mezani saa 40 kwa kila wiki, hizo ni saa 1,760 kwa mwaka, lakini mteja hazilipii zote. Kujibu barua pepe, kuandaa makadirio ya bei, kufanya majaribio ya kampuni zinazotafuta wafasiri, kutuma ankara, kukumbushia malipo, kwenda benki na kusubiri kazi iingie, yote ni kazi, na hakuna anayeweka saa hizo kwenye oda yake. Mfasiri mwenye wateja wa kudumu akipata saa 25 za kulipwa kwa wiki, yaani tano kwa siku, amefanya vizuri. Kwa mwaka ni saa 1,100. Gawanya 27,600,000 kwa 1,100 upate 25,091. Ukikadiria kwamba ankara moja kati ya ishirini haitalipwa, gawanya tena kwa 0.95. Bei inafika karibu 26,400; iandike 26,500.

Usikubali saa 25 kwa sababu zimeandikwa hapa. Kwa mwezi mmoja weka daftari au jedwali la Ekseli lenye safu mbili, saa za kulipwa na saa nyingine zote za kazi, ulijaze kila jioni kabla hujasahau. Anayeanza bila wateja wa kudumu anaweza kukuta saa 15 tu. Kwa saa hizo bei ingepanda hadi karibu 44,000, na mgeni sokoni hataipata. Suluhisho si kushusha bei hadi 7,500, wala si kung'ang'ania 44,000. Mwaka huo ana pengo, na anapaswa kulijua kabla ya kuacha kazi: saa 660 kwa 26,500, baada ya kuondoa zisizolipwa, zinaleta kama milioni 16.6 badala ya 27.6. Kodi nayo inapungua, kwa hiyo upungufu halisi ni karibu milioni 7.7. Hicho ndicho kiasi cha akiba, au cha kazi ya muda, kinachohitajika kumvusha.

Bei ya saa ni kipimo chako cha ndani. Wateja wengi wa tafsiri huuliza bei kwa neno au kwa ukurasa, kwa hiyo ni lazima ujue kasi yako, na kasi hupimwa kwa kazi nzima. Chukua fomu ya ridhaa ya utafiti wa kitabibu yenye maneno 3,000. Kuisoma yote kabla ya kuanza kulichukua saa moja. Rasimu ya kwanza, saa saba. Kutafuta istilahi na kuhakikisha kwamba mgonjwa wa kawaida ataelewa maana ya dawa kupangwa kwa bahati nasibu, saa mbili. Kuipitia upya ukilinganisha na matini chanzi, saa mbili nyingine. Ni saa 12, yaani maneno 250 kwa saa, na bei ya neno ni shilingi 106, tuseme 110. Anayehesabu saa saba za rasimu peke yake hujidanganya kuwa anafasiri maneno 429 kwa saa, anataja shilingi 62 kwa neno, analipwa 186,000, na kumbe amefanya kazi kwa 15,500 kwa saa. Hataona kosa lilipo. Ataona tu kwamba anafanya kazi nyingi na fedha haitoshi.

Barua za kawaida za ofisi au maudhui mepesi yanaweza kwenda kwa maneno 400 kwa saa, na hapo shilingi 66 hadi 70 kwa neno zinatosha. Kwa hiyo usiwe na bei moja ya neno kwa kila kitu. Bei ya saa ibaki moja, ya neno ifuate ugumu.

Kubaliana mapema maneno yatakayohesabiwa ni ya upande gani. Maneno hupungua kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa kuwa kitenzi kimoja chetu hubeba kiima, wakati na yambwa. Maneno 3,000 ya fomu ile yakitoka 2,500 kwenye tafsiri, anayelipwa kwa maneno ya tafsiri amepoteza shilingi 55,000 kwa kazi ile ile. Hesabu ya matini chanzi pia humpa mteja gharama kamili kabla kazi haijaanza.

Kuna kazi ambazo neno halizipimi kabisa. Cheti cha kuzaliwa chenye maneno 120, kwa shilingi 70, kingelipa 8,400, ingawa kukisoma kwenye picha yenye ukungu, kupanga jedwali, kuhakiki tahajia ya majina na kuchapisha kunaweza kuchukua saa nzima. Weka kima cha chini ambacho hutashuka chini yake, na kiwe bei ya saa moja. Kuhariri tafsiri ya mtu mwingine kutozwe kwa saa, tena baada ya kuona kurasa mbili tatu, kwa sababu tafsiri mbovu inakula muda kuliko kufasiri upya.

Kampuni ikikulipa huweza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5, ankara ya 1,000,000 ikaingia benki kama 950,000. Usiiongeze kwenye bei kana kwamba ni hasara: ni kodi yako iliyolipwa mapema, nayo hupunguza utakayodaiwa mwisho wa mwaka, mradi unacho cheti cha zuio. Kidai cheti hicho pamoja na malipo. Kodi iliyobaki, kwa anayefuata mwaka wa kalenda, hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Zile 440,000 za kila mwezi zihamishie akaunti nyingine malipo yanapoingia. Zikichanganyika na za matumizi, Machi itakukuta ukidaiwa 1,320,000 ambazo zimekwisha kuliwa.

Kila baada ya miezi mitatu fanya hesabu mbili. Gawanya jumla ya ankara ulizotuma kwa saa za kulipwa; ikitoka chini ya 26,500, kasi uliyoikadiria si ya kweli au unakubali mapunguzo mengi mno. Kisha linganisha saa za kulipwa na 275, ambazo ni robo ya 1,100. Bei ikiwa sawa lakini saa hazifiki, tatizo ni upungufu wa kazi, na kupunguza bei kutazidisha idadi ya saa unazopaswa kuzitafuta: kwa 20,000 kwa saa, ungehitaji karibu saa 1,450 kwa mwaka, zaidi ya 32 kwa wiki. Saa zikifika na kupita, na unakataa kazi kwa kukosa nafasi, anza kutaja 30,000 kwa wateja wapya, na wale wa zamani uwape taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla bei mpya haijaanza.