Mita Moja, Jiko Nne: Jinsi ya Kugawana Bili Bila Kukosana Nyumbani

Kama mnaishi boma moja na shangazi, ami na mabinamu, hii stori unaijua. Tokeni zimeisha usiku, na kila mtu anangoja mwingine anunue. Kwa grupu ya familia, mmoja anaandika, "Juzi si nililipa mimi?" Mwingine anajibu, "Na friji ni ya nani?" Asubuhi watu hawasalimiani.

Tuchukue mfano wa boma moja la Mombasa. Nyumba ni nne: ya Shangazi, ya Ami, ya binamu na mkewe, na chumba cha kijana wa kazi za mjengo. Mita ya stima ni moja, kwa jina la Ami. Mwezi huo walitumia yuniti 100, zilizogharimu shilingi 3,000. Waligawana sawa, 750 kila nyumba. Kijana akalalamika: ana balbu moja na chaja ya simu, na anashinda kazini.

Suluhisho walilopata ni mita ndogo, ile sabumita, kwa kila nyumba. Ikishafungwa na fundi wa stima mwenye leseni, kazi inayobaki ni hesabu. Siku moja, saa moja, mnasoma mita zote, ile kubwa pia, na kila mtu anapiga picha. Tokeni mlizonunua si lazima ziwe ndizo mlizotumia. Kwa hivyo chukua salio la mwanzo wa mwezi, ongeza yuniti mlizonunua, kisha toa salio lililobaki.

Mwezi uliofuata walitumia yuniti 100 tena, kwa shilingi 3,000 zilezile. Gawanya 3,000 kwa 100, yuniti moja ni bob 30. Sabumita zilisoma hivi: Shangazi 46, Ami 25, binamu 18, kijana 7. Jumla ni 96. Zile nne zilizobaki ni taa ya nje na pampu ya maji, yaani shilingi 120, kila nyumba 30. Basi Shangazi alipaswa kutoa 1,410, Ami 780, binamu 570 na kijana 240.

Hapo moto ukawaka upya. Shangazi akasema, "Nyama ya nani iko kwa hiyo friji? Na barafu ya matanga mlitoa wapi?" Alikuwa na haki. Wakakubaliana wale watatu wamchangie 100 kila mmoja kwa mwezi, kwa sababu wote wanaitumia. Sabumita inaonyesha nani ametumia stima. Nani amefaidika, hilo ni lenu kuzungumza.

Angalieni ile tofauti ya mita kubwa na sabumita. Ikiwa kawaida ni yuniti nne na ghafla imekuwa 20, usianze kumshuku mtu. Huenda kuna waya umeungwa kabla ya sabumita, au mita imeharibika. Iteni fundi kwanza.

Kuna jambo lingine wengi hawalijui. Bei ya stima ya nyumbani Kenya huenda kwa vikundi: hadi yuniti 30 kwa mwezi, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kikundi chako hutokana na wastani wa miezi mitatu. Nyumba nne kwa mita moja hupanda kikundi pamoja, na kijana wa yuniti saba analipa bei ya mtumiaji mkubwa. Sabumita haiondoi hilo. Mita tofauti kutoka Kenya Power ndiyo huondoa.

Maji nayo huhesabiwa vingine. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Bila sabumita za maji, gawaneni kwa vichwa, si kwa nyumba: bili ya 2,400 kwa watu 12 ni 200 kila mtu. Bili ikiruka bila sababu, fungeni mifereji yote usiku na mwangalie mita. Ikiwa bado inazunguka, kuna bomba linavuja, na hakuna wa kulaumiwa.

Mwisho ni malipo. Chagueni mtu mmoja wa kupokea michango na kulipa, kabla ya tarehe mliyokubaliana. Kwa tokeni, ingia Lipa Bili, weka namba ya biashara 888880, kisha namba ya mita kama akaunti. Hakikisha kila tarakimu kabla ya kuweka PIN, maana ukikosea unaweza kumnunulia jirani stima. Ikija meseji yenye tokeni ya tarakimu 20, itume kwa grupu nzima vile ilivyo. Ina pesa iliyolipwa na yuniti zilizopatikana, na hizo ndizo namba mbili mnazohitaji mwisho wa mwezi. Swali la "nani alilipa juzi?" litajibiwa na meseji, si na mdomo wa mtu.