Mbia Mkimya na Mipaka ya Dhima Yake

Katika somo hili tunaangalia ubia ambamo mmoja huendesha biashara na mwingine hutoa fedha tu. Huyu wa pili tunamwita mbia mkimya.

Katika ubia wa kawaida, unaotawaliwa Tanzania Bara na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kila mbia anawajibika kwa madeni ya biashara hata kwa mali yake binafsi. Kukaa kimya hakumwokoi. Ndiyo maana nchi kadhaa zimeweka ubia wa aina nyingine. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1907, na Kenya inao katika Sheria ya Ubia ya mwaka 2012. Ubia huo lazima usajiliwe, na mbia mkimya hupoteza mtaji aliotoa tu, si zaidi. Lakini kuna sharti: asishiriki katika uendeshaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mstaafu wa Morogoro mjini anatoa shilingi 5,000,000. Mwenzake ananunua karoti na kabichi Mgeta, juu milimani Uluguru, na kuzipeleka Dar es Salaam. Tuseme ubia wao umesajiliwa chini ya sheria kama ile ya 1907. Hadi Februari mwenzake amekopa shilingi 6,000,000. Mwezi Machi mwalimu anaingiwa na wasiwasi. Anaanza kukodi malori, kupanga bei na wakulima na kuagiza magunia kwa mkopo. Hadi Juni deni jipya ni shilingi 8,000,000. Mvua zinaharibu barabara, mboga zinaoza, na biashara inafilisika bila kubaki na kitu.

Kwa deni la kwanza, mwalimu hadaiwi zaidi ya mtaji wake, ambao umekwisha potea. Kwa zile 8,000,000 anadaiwa sawa na mwenzake, kwa kuwa ziliingia wakati akiendesha biashara. Wadai wanaweza kuifikia hata nyumba yake. Sababu ni kwamba mwenye lori alishughulika naye kama mwenye biashara, naye aliamua mambo yaliyozaa deni.

Je, alipaswa kufumba macho? Hapana. Sheria ile inamruhusu kukagua vitabu vya hesabu, kuuliza hali ya biashara na kushauriana na mwenzake. Angeweza kusema, "Ndugu yangu, punguza mikopo." Uamuzi ungebaki kwa mwenzake. Lakini asirudishiwe mtaji wake kabla ubia haujavunjwa, maana atadaiwa kiasi hicho alichorudishiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwulize mwanasheria ubia wenu utasajiliwa chini ya sheria ipi. Karatasi mliyoandikiana ninyi wawili peke yenu haimfungi mdai.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Mbia mkimya akisaini hundi ya biashara, anashauri au anaendesha?
2. Angefanya nini mwalimu yule mwezi Machi bila kuvuka mpaka?