Dua ya Aliyeachika: Kuomba Kupona Bila Kinyongo



Eda yangu ilipokwisha bila kurejewa, nilirudi kwa mama, Buyenzi, kisha nikarudi chuoni. Msikitini nilihama safu. Nikawa naswali nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nitoke kabla dada yeyote hajaniuliza, "Shemeji hajambo?"

Usiku niliamka kuomba. Lakini dua yangu ilikuwa orodha ya makosa ya yule mwanamume, moja baada ya jingine, na nikimaliza kifua kilikuwa cha moto kuliko nilipoanza. Mama mdogo, ambaye hufundisha madrasa, alinisikia. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, jana hukuomba, ulishitaki. Kushitaki si haramu. Sura ya Al-Mujadila inaanza na mwanamke aliyemshitaki mumewe kwa Allah, naye akasikilizwa. Lakini yule alijua anachotaka. Wewe unataka nini?"

Nikajibu, "Nataka kulala."

"Basi omba hilo."

Akanifungulia mahali patatu katika Qur'ani, na hapo ndipo dua yangu ilipojengeka upya.

La kwanza ni aibu. Aya ile tunayoibandika ukutani, kwamba mwenye kumcha Allah humtengenezea njia ya kutokea na humruzuku asikotazamia, wengi hatuulizi ilishuka wapi. Imo katika Sura At-Talaq, aya ya 2 na ya 3, katikati ya hukumu za eda na kuachana. Ahadi hiyo imewekwa palepale ninapoonea haya.

La pili ni upweke. Nabii Musa, alayhis salaam, alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana nyumba wala jamaa. Akawanyweshea wanyama mabinti wawili, kisha akaenda kivulini akamwambia Mola wake kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Hakutaja mke, wala kazi, wala makao. Vyote vitatu vilimjia. Nikajifunza kutomwekea Allah sharti kwamba nitapona nikiolewa tena, au yeye akirudi akijuta.

La tatu ni kinyongo. Katika Sura Al-Hashr, aya ya 10, waumini wanaomba Allah asiweke mioyoni mwao chuki kwa walioamini. Wanaomba, maana moyo haujioshi wenyewe. Na aliyeniacha ni Muislamu, yumo katika dua hiyo nipende nisipende.

Basi baada ya rakaa mbili za usiku, nikishatoa salamu, humhimidi Allah, humswalia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kisha huomba kwa Kiswahili changu. Katika siku zangu siswali, lakini dua siiachi.

"Ewe Mola wangu, nimekuja na jina jipya ambalo watu wamenipa, nami naliogopa. Wewe unanijua kabla ya ndoa na baada yake. Nisitiri, na unitoe katika aibu hii kwa njia usiyoshindwa nayo. Nyumba ni kimya, na mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayonishushia. Kosa langu nionyeshe, nitubu. Kosa lake nimeliacha kwako, Wewe ni Hakimu. Kilicho haki yangu nipe bila kunitia dhuluma. Ondoa kinyongo moyoni mwangu, umwongoze yeye na uniongoze mimi, na ututosheleze kila mmoja kwa fadhila zako. Amin."

Maneno juu ya mwongozo wake yalinikwama kooni wiki nyingi. Mama mdogo akasema, "Anza kwa kumwomba Allah akutake uweze kuyasema." Nikaanza hapo.

Msichanganye kutokuwa na kinyongo na kuacha haki. Nilikuwa namdai sehemu ya mahari, na nilimtuma mjomba kuidai huku dua hii ikiendelea. Qur'ani yenyewe inataka aliyeachwa apewe kitu cha kumliwaza. Wala kusamehe si kurudiana. Na ikiwa kulikuwa na kipigo, mweleze mzazi au imamu, usibaki na dua peke yake.

Utajuaje kama inafanya kazi? Mimi nilijipima kwa kisa changu. Mwanzo nilikisimulia kila aliponiuliza mtu, na kila mara nikiongeza chumvi. Siku moja baada ya Ijumaa dada mmoja aliniuliza habari za shemeji. Nikamwambia, "Tuliachana. Allah amjaalie kheri." Nikanyamaza, na sikusikia ule moto.

Siku hiyo nilikuwa nimeswali safu ya pili.

Wabillahi tawfiq.