Kukokotoa Ada Halisi ya Mkupuo Mmoja katika Bima ya Maisha ya Muda Maalumu: Mfano wa Jedwali la Halley

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ada halisi ya bima ya maisha ya muda maalumu inavyopatikana kutokana na jedwali la vifo na riba. Jedwali la Edmond Halley la mwaka 1693 linatumiwa kukokotoa ada ya mtu wa umri wa miaka 40 anayekata bima ya miaka 3. Inadhihirishwa kwamba ada hiyo ni mgawo wa gharama ya kundi zima, wala si ubashiri wa kifo cha mtu mmoja.

1.0 Utangulizi

Bima ya maisha ya muda maalumu ni mkataba ambapo kampuni huahidi kuwalipa warithi kiasi fulani cha fedha endapo mwenye bima atafariki kabla ya muda uliotajwa kwisha. Muda ukiisha naye angali hai, hakuna malipo yoyote. Iwapo mwenye bima anataka kulipa mara moja tu, siku ya kutia sahihi, je, alipe kiasi gani ili ahadi hiyo itimizike? Jibu la swali hili ndilo linaloitwa ada halisi ya mkupuo mmoja.

Neno "halisi" huweza kumpotosha msomaji. Hapa halimaanishi bei ambayo mteja hutozwa hatimaye. Linamaanisha ada iliyovuliwa mambo mengine yote, yaani ujira wa wakala, gharama za ofisi na faida ya kampuni. Yanayobaki ni mawili tu: vifo vinavyotarajiwa na riba ambayo fedha huzaa zinapongoja kulipwa.

2.0 Jedwali la Vifo

Mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley alichapisha jedwali lake mwaka 1693. Alitumia takwimu za vizazi na vifo vya mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, zilizokusanywa na kasisi Caspar Neumann. Jedwali hilo linaonyesha idadi ya watu walio hai katika kila umri. Sehemu inayohusu mfano wetu ni hii:

Umri 40: watu 445
Umri 41: watu 436
Umri 42: watu 427
Umri 43: watu 417

Idadi ya vifo hupatikana kwa kutoa. Kati ya watu 445 wenye umri wa miaka 40, watu 9 hufariki katika mwaka wa kwanza, 9 katika mwaka wa pili na 10 katika mwaka wa tatu. Jumla ni vifo 28. Jedwali halisemi ni nani atakayefariki. Linasema ni wangapi, na hilo linatosha kwa hesabu hii.

3.0 Thamani ya Sasa

Shilingi ya kesho si sawa na shilingi ya leo. Kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ambayo Halley mwenyewe aliitumia alipokokotoa thamani ya malipo ya kila mwaka ya maishani, shilingi 100 za leo huwa 106 baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo, anayehitaji shilingi 100,000 baada ya mwaka mmoja anatosheka kuweka 94,340 leo, yaani 100,000 ikigawanywa kwa 1.06. Zikihitajika baada ya miaka miwili, hugawanywa mara mbili na kuwa 89,000. Baada ya miaka mitatu, hugawanywa mara tatu na kuwa 83,962. Kitendo hiki cha kurudisha thamani nyuma ndicho kipunguzo.

4.0 Ukokotoaji

Tuchukulie kwamba watu wote 445 wamekata bima ya shilingi 100,000 kila mmoja, na kwamba warithi hulipwa mwishoni mwa mwaka wa kifo. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza kampuni italipa 900,000, mwishoni mwa wa pili 900,000, na mwishoni mwa wa tatu 1,000,000. Thamani za sasa za malipo hayo ni 849,057, kisha 800,997, kisha 839,619. Jumla yake ni shilingi 2,489,673.

Kiasi hicho kikigawanywa sawasawa kwa watu 445, kila mmoja anapaswa kulipa shilingi 5,595. Hiyo ndiyo ada halisi.

5.0 Uhakiki

Usahihi wa ada hii hujulikana kwa kufuatilia mfuko wenyewe. Mfuko unaanza na 2,489,673. Baada ya mwaka mmoja riba inaufikisha 2,639,053. Warithi wanalipwa 900,000 na kubaki 1,739,053. Mwaka wa pili unafika 1,843,396, na baada ya malipo unabaki 943,396. Mwaka wa tatu unafika 1,000,000, kiasi kilekile kinachodaiwa. Mfuko unakwisha bila baki wala deni.

Uhakiki huu hufichua makosa ya kawaida. Kosa la kwanza ni kusahau kipunguzo: vifo 28 vikigawanywa kwa 445 hutoa ada ya 6,292, na mfuko hubaki na ziada. La pili ni kupunguza malipo yote kwa miaka mitatu, ilhali vifo 18 hulipiwa mapema. Ada huwa 5,283 na mfuko hukauka kabla ya wakati. La tatu hufichika zaidi. Mkokotoaji hugawanya vifo vya mwaka wa tatu kwa watu 427 waliouanza mwaka huo, badala ya watu 445 waliolipa ada, na vya mwaka wa pili kwa 436. Ada huwa 5,711. Kosa liko hapa: ili mtu afariki katika mwaka wa tatu, lazima kwanza aishi miaka miwili, na mgao wa 10 kwa 427 haulizingatii sharti hilo.

6.0 Mipaka ya Hesabu

Kwanza, warithi hawangoji mwisho wa mwaka. Ikichukuliwa kwamba vifo hutokea kwa wastani katikati ya mwaka, ada huongezwa riba ya nusu mwaka na kufika takriban 5,760.

Pili, idadi ya vifo haitafuata jedwali barabara. Katika kundi la watu 445, tofauti ya vifo vitano hivi juu au chini ya 28 ni jambo la kawaida. Vifo vitano zaidi ni nusu milioni ya ziada ya kulipa, na ada halisi haina akiba ya dharura hiyo. Kundi likiwa kubwa, tofauti hiyo huwa ndogo ikilinganishwa na ukubwa wa mfuko.

Tatu, jedwali lazima lilingane na watu wanaokatiwa bima. Vifo vya Breslau ya karne ya 17 haviwezi kumpangia ada mkaazi wa Nakuru au Mombasa. Ndiyo sababu Kenya ina majedwali yaliyotokana na wenye bima wa humu nchini, likiwemo lile la KE 2007-2010. Mbinu ya ukokotoaji haibadiliki. Zinazobadilika ni tarakimu.

7.0 Hitimisho

Ada ya shilingi 5,595 haisemi lolote kuhusu siku ya kufa ya yeyote kati ya wale 445. Watu 417 wataimaliza miaka mitatu wakiwa hai bila kurudishiwa chochote, na fedha zao, pamoja na riba, ndizo zitakazozifikia familia 28. Aliyesalia hai hakupoteza ada yake: alinunua hakika ya kwamba, laiti angalikuwa miongoni mwa wale 28, warithi wake wangalilipwa.